Pampu Inayolia Kama Ina Kokoto: Kavitesheni na NPSH

Pampu inapoanza kulia kana kwamba kokoto zinazunguka ndani yake, mafundi wengi hufikiria beringi kwanza. Tunawaomba wateja wetu wachunguze upande wa kuvuta maji kabla ya kuifungua pampu.

Maji huchemka hata yakiwa ya baridi, mradi shinikizo lishuke vya kutosha. Kwenye mdomo wa impela shinikizo huwa dogo kabisa, na likishuka chini ya shinikizo la mvuke wa maji hayo, mapovu ya mvuke hutokea, kisha husombwa hadi penye shinikizo kubwa na kubonyea ghafla. Kubonyea huko ndiko hutoa mlio na kuchimba vijishimo kwenye mapanga ya impela. Hali hiyo ndiyo kavitesheni.

NPSH, ambayo vitabu vya pampu huieleza kwa Kiingereza kigumu, ni akiba ya shinikizo juu ya kiwango cha kuchemka, ikipimwa kwa mita za kimiminika. NPSHr ni ile ambayo pampu inaihitaji, nayo husomwa kwenye grafu ya mtengenezaji. NPSHa ni ile ambayo mfumo wenu unaitoa:

```
NPSHa = Ha + Hz - Hf - Hv
```

Ha ni shinikizo la hewa, Hz ni kimo cha maji juu ya pampu (huwa hasi maji yakiwa chini yake), Hf ni upotevu kwenye bomba la kuvuta, na Hv ni shinikizo la mvuke.

Tuchukue tangi lililo wazi, usawa wa bahari, maji yakiwa mita 2 juu ya pampu ambayo NPSHr yake ni mita 4.5. Chujio limeziba kiasi, hivyo Hf imefika mita 3. Maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, tunapata 10.3 + 2 - 3 - 0.2, yaani mita 9.1, na pampu inafanya kazi kimya. Yakipashwa hadi nyuzi 80, maji huwa mepesi zaidi, hivyo shinikizo lilelile la hewa huwa sawa na mita 10.6 za maji, na hesabu inakuwa 10.6 + 2 - 3 - 5.0, yaani mita 4.6. Zimebaki sentimita 10 tu, na hizo hazitoshi, kwa sababu NPSHr kwa kawaida hupimwa pale ambapo nguvu ya pampu ya kuinua maji imekwisha kupungua kwa asilimia 3. Mapovu huanza mapema kuliko hapo. Chujio likisafishwa na Hf ikarudi mita 0.8, NPSHa hupanda hadi mita 6.8.

Ili kuthibitisha, punguzeni polepole vali ya kutolea maji huku mkisikiliza. Mtiririko ukipungua, NPSHr na Hf kwa kawaida hushuka pamoja, na mlio wa kavitesheni hufifia, ilhali beringi mbovu huendelea kulia. Vali ya upande wa kuvuta isiguswe kamwe kwa jaribio hili, kwani kuibana huongeza Hf na kuzidisha mapovu.