Kilo 15 za steki sio kilo 15 za mfupa: jinsi ya kupiga hesabu ya nyama choma kabla hujaja bucha

Mwezi uliopita jioni ya Ijumaa mama mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, ambaye ni mteja wetu wa siku nyingi alinipigia simu, binti yake alikuwa anapata kipaimara kesho yake. Oda tulishaiandika tangu Jumanne, kilo 15 za steki kwa ajili ya kuchoma. Sasa Ijumaa ananiambia, "Mwanangu, hela imebana, nibadilishie uniwekee ya mfupa, kilo zilezile kumi na tano, si nyama ni nyama tu." Nikamwambia sawa mama, nikafuta steki nikaandika mchanganyiko, nikaendelea na kazi zangu.

Jumamosi saa kumi jioni simu ikaita tena. Nyama imeisha na meza tatu bado hazijapata kitu. Kijana wangu alikimbia na bodaboda na kilo 5 za kuongezea lakini mnajua kuchoma sio kukaanga, mpaka zile ziive vizuri watu wameshakula ugali na kachumbari wakaondoka. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndo nashika kisu na mizani kila siku na nilitakiwa kumwambia palepale kwenye simu kwamba akibadilisha aina ya nyama na kilo lazima zibadilike. Ndo maana nimeamua kuandika hii, maana kila wikiendi hapa Buhongwa tunapokea oda za sherehe na swali ni lilelile, watu wangu ni kadhaa, nichukue kilo ngapi?

Anza na kitu kimoja. Mgeni hali kilo uliyopimiwa bucha, anakula kile kinachobaki baada ya moto na baada ya mfupa. Sisi tunachukulia mtu mzima mmoja ale gramu 200 za nyama iliyoiva, nyama tupu bila mfupa, kama pembeni kuna ugali au ndizi na kachumbari. Hiyo ni sahani nzuri, sio ya kubana wala sio ya kufuru.

Sasa kutoka kwenye hizo gramu 200 unarudi nyuma mpaka mbichi. Baada ya lile tukio nilichoma mwenyewe hapa nyuma ya bucha nikiwa na mizani ileile ya kuuzia. Kilo moja ya steki ya ng'ombe, vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, moto wa wastani, ikatoka kwenye jiko ikiwa gramu 700 hivi. Yani karibu gramu 300 zimeondoka, maji yamekuwa mvuke na mafuta yamedondokea mkaa, zile ndo zinazopiga kelele na kutoa moshi mnaousikia kutoka barabarani. Halafu nikachoma kilo moja ya mfupa, mbavu na mkono nimechanganya kama ninavyowauzia wateja. Hii ikatoka gramu 750, mtu akiangalia haraka anasema mbona ya mfupa imepungua kidogo kuliko steki? Nikakaa nikala na vijana wangu, tukaweka mifupa pembeni tumeikwangua mpaka imeng'aa, nikaipima. Gramu 260 ni mfupa mtupu. Nyama iliyoingia tumboni ni 490, chini ya nusu ya kilo niliyoanza nayo.

Kwahiyo kwa mtu mzima mmoja unahitaji gramu 300 za steki mbichi, au gramu 400 za nyama ya mfupa mbichi, na wote wawili watakula sawasawa. Ukitaka kuibeba kichwani bila kalamu ni hivi, kilo 3 za steki ni sawa na kilo 4 za mfupa.

Turudi kwa yule mama tuone ilikuwaje. Alikuwa na watu wazima 40 na watoto 10. Mtoto wa chini ya miaka kumi tunamhesabu nusu, kwahiyo watoto 10 ni watu 5, jumla sahani 45. Kwa steki, 45 mara gramu 300 ni kilo 13 na nusu. Hapo tunaongeza kama moja ya kumi kwa ajili ya jikoni, maana mchomaji anaonja, wajomba wanapita jikoni kuonja, vipande vingine vinaungua, hiyo ipo kwenye kila sherehe na huwezi kuizuia. Tukafika kilo 15. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, kwa steki.

Kwa mfupa ilitakiwa iwe 45 mara gramu 400, kilo 18, uongeze na ya jikoni iwe kilo 20. Yeye akapelekewa 15. Kilo 15 za mfupa zinatoa nyama ya kuliwa kilo 7 na kidogo, toa iliyoonjwa jikoni inabaki kama sita na nusu, gawa kwa gramu 200 unapata sahani 32. Yeye alihitaji 45. Sahani 13 hazipo, na ukiangalia meza zilizokaa bila nyama zilikuwa tatu. Hesabu na tukio vinalingana kabisa, ndo kilichoniuma.

Na kinachouma zaidi ni kwamba hakuokoa hela kama alivyodhani. Tuchukue mfano tu (bei zinabadilika, uliza siku unayokuja): mfupa elfu 10 kwa kilo na steki elfu 13. Kilo 20 za mfupa ni laki 2. Kilo 15 za steki ni laki moja na elfu 95. Ni karibu sawa! Steki ikiwa elfu 12 basi ya mfupa ndo ghali zaidi ukihesabu kinacholiwa, na steki ikipanda mpaka elfu 14 au 15 hapo mfupa unakuokoa kweli. Kwahiyo usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Zidisha bei ya mfupa kwa 4, bei ya steki kwa 3, ndo uangalie ipi ndogo.

Sasa sisemi kila mtu achukue steki. Mimi mwenyewe nikichoma nyumbani nachukua mfupa, mbavu ina mafuta yake, inavumilia moto na haikauki haraka, na watu wetu wengi bila kushika mfupa wanaona hawajala nyama choma. Steki ina shida yake, ukiikata nyembamba halafu mchomaji akaisahau akienda kuchukua soda inakauka ikawa kama soli, na ikikauka hivyo haijapungua gramu 300 tu, inaweza kupungua hata 400 kwenye kilo na ile hesabu yako yote imevurugika. Ukiona kipande kimejikunja pembeni na hakitoi tena majimaji ukikibonyeza, umeshapoteza nyama hapo. Steki iwe vipande vinene, ichomwe nzima nzima, ikatwe ikishaiva.

Na mfupa wenyewe haulingani. Paja lina nyama nyingi, mfupa wake mmoja umenyooka katikati. Mbavu tupu na shingo ndo zina mfupa mwingi, ukichukua mbavu za ng'ombe peke yake bila kuchanganya hesabu gramu 500 kwa mtu sio 400. Ng'ombe au mbuzi aliyekonda pia, mfupa wake haukondi na yeye, nyama ndo inayopungua, kwahiyo kwenye kilo ileile unabeba mfupa zaidi. Ukiwa bucha yoyote omba uone ubavu kabla haujakatwa, kama kati ya ubavu na ubavu nyama imeingia ndani na unaona ngozi nyembamba tu, ongeza kilo.

Mbuzi mzima nako watu wanapotea sana. Mtu anaenda mnadani, anamnunua mbuzi wa kilo 25 akiwa hai, anasema kilo 25 kwa gramu 400 inatosha watu 60. Hapana jamani. Mbuzi huyo ukishamchinja ukatoa ngozi, kichwa, miguu, damu na matumbo yote, nyama ya kutundika inabaki kama kilo 11, mara nyingi chini kidogo ya nusu ya uzito wake. Kilo 11 kwa gramu 400 ni watu 27, na bado hujaweka ya kuonja, sema watu 25. Kichwa, miguu na utumbo ni supu, na supu nzuri inasaidia kweli, lakini usiihesabu kwenye choma. Watu 50 ni mbuzi wawili wa size hiyo.

Kuhusu idadi ya watu nina neno moja tu, hesabu vichwa na sio kadi. Kadi 30 za dabo ni watu 60. Tumeletewa oda nyingi mtu anataja kadi.

Kama kuna samaki, na hapa kwetu ziwa liko mlangoni, mara nyingi kuna sato wa kuchoma au sangara wa kukaanga, basi nyama unaweza kupunguza robo. Lakini hiyo ni kama samaki anatosha watu wote. Kama ni sahani mbili za sato za meza kuu usipunguze chochote, wale wengine wote wanategemea nyama.

Sasa hivi mteja akipiga simu kuagiza vijana wangu wana maswali manne wameandikiwa ukutani pembeni ya mizani: watu wazima wangapi, watoto wangapi, mfupa au steki, na kuna samaki au hakuna. Na akipiga tena kubadilisha kutoka steki kwenda mfupa au mfupa kwenda steki hawaruhusiwi kuandika kilo zilezile, wanapiga hesabu upya akiwa bado yuko kwenye simu, wanamwambia kilo mpya na bei mpya, ndo aamue.

Yule mama alirudi wiki mbili baadae, mdogo wake alikuwa anakuja na wageni kutoka Geita, watu wazima 18 hakuna watoto. Akasema anataka mfupa. Nikampigia hesabu mbele yake, 18 kwa gramu 400 ni kilo 7 na gramu 200, na ya jikoni tukaiweka kilo 8, nusu paja nusu mbavu. Jumapili usiku akanitumia ujumbe kwamba imetosha na vimebaki vipande sita, atavila na uji asubuhi.