"Maji yamerudi yote!" Kabla hujasema bomba ni feki

Mama mmoja alirudi kwenye duka letu la dawa na kichupa kitupu cha bomba la fosfati mkononi, dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa ili choo kitoke. "Dawa yenu feki. Nimempiga baba bomba, maji yamerudi yote, choo hakuna." Mzee alivunjika mkono, anameza vidonge vikali vya maumivu, na vidonge vya aina hiyo huzubaisha utumbo. Siku ya tano hiyo hajapata choo. Tukamuuliza, mzee alikaaje? "Alikaa chooni, si ndiyo kazi yenyewe?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mtu akikaa, maji hayana pa kwenda ila kurudi chini. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, goti la kulia akilikunja kuelekea kifuani. Mwisho wa utumbo mpana uko upande huo wa kushoto, kwa hiyo maji yanateremkia ndani yenyewe. Tandika kitambaa cha plastiki na taulo, na ndoo au choo kiwe karibu.

Paka ncha mafuta ya mgando, mwambie avute pumzi kisha aitoe polepole, nawe uingize anapoitoa, ukielekeza kwenye kitovu. Ncha ya kichupa cha fosfati ni fupi. Kwa bomba la mfuko na mpira, mwisho ni sentimita 7 hadi 10, karibu urefu wa kidole cha kati. Ikikwama, usisukume. Huenda imegonga choo kigumu, au ukuta wa utumbo, na ukuta huo hutoboka. Irudishe nyuma kidogo, ujaribu tena taratibu. Ikigoma mara ya pili, acha.

Minya polepole, kisha toa kichupa kikiwa bado kimebanwa, la sivyo kitanyonya maji kurudi. Abaki amelala mpaka haja imbane sana. Kwa fosfati mara nyingi ni ndani ya dakika 5. (Maji ya sabuni ya kipande waliyotumia bibi zetu yaacheni, yanaunguza utumbo.)

Nusu saa ikipita na hakuna kilichotoka, usiongeze kichupa. Fosfati iliyobaki tumboni huingia kwenye damu na kuvuruga chumvi za mwili, kwa hiyo kimoja tu kwa saa 24, hata kama cha kwanza kilimwagika. Nendeni hospitali. Nendeni pia, bila kungoja, akitoka damu zaidi ya doa dogo, tumbo likiwa gumu na linauma sana, akitapika, akipata homa, akihisi kuzimia, au hata ushuzi hautoki. Mwenye dalili hizo kabla ya bomba asipigwe kabisa.

Mama alitaka kingine papo hapo. Tukamwambia asubiri kesho, kisha tukauliza jambo ambalo tulipaswa kuuliza siku ya kwanza: mzee ana shida ya figo au moyo? Akanyamaza kidogo. "Figo, ndiyo. Anahudhuria kliniki." Hatukumuuzia. Tulimwelekeza kwa daktari wake jioni ileile, na tukamwomba ataje kichupa cha kwanza.