Barua kwa somo yangu, wiki tatu kabla ya kikao

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu,

Ujumbe wako wa sauti kuhusu kuitwa kwenye kamati ya chuo nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili nimejifungia chumbani ili watoto wasiniulize. Hukusema kama unalala au hulali, lakini ulivyokuwa unarukaruka maneno nilijua. Na ile saa ya ujumbe wenyewe, saa tisa na dakika kumi usiku, ilimaliza kila kitu.

Kwanza nikutolee jambo moja ambalo nimelificha miaka yote. Nilipochelewa kuhitimu niliwaambia watu wote, na wewe ukiwamo, kwamba msimamizi wangu alisafiri. Hakusafiri. Niliitwa kwenye kamati kwa tuhuma hiyo hiyo yako ya kunakili kazi za watu. Ripoti ya Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi, ilionesha asilimia 31, nikaandikiwa barua, nikapewa siku 19 kabla ya kusikilizwa. Sijawahi kuona siku 19 ndefu kama zile, hata za arobaini ya uzazi zilipita upesi.

Wiki ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Barua pepe ile niliifungua hata nilipokuwa kwenye foleni ya maji. Usiku wa tatu, saa nane, niliamka nikaandika majibu ya kurasa nne, nikamtaja mwalimu aliyenishtaki kuwa ana chuki na mimi. Kilichoniokoa ni bando kuisha. Asubuhi niliposoma nilichokiandika nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hili: kuanzia leo usijibu chochote cha chuo baada ya magharibi. Ukiandika usiku, andika daftarini, halafu kasome mchana.

Kilichonirudisha akili ni kuitoa barua ile kwenye simu na kuiweka mezani. Niliichapisha stesheneri, nikachukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari mambo matatu tu: tarehe ya kikao, siku ya mwisho ya kupeleka utetezi wa maandishi, na kurasa gani hasa zinalalamikiwa. Hilo la tatu halikuwamo. Walisema tu "sehemu kubwa ya tasnifu". Basi nikaandika barua fupi ya heshima, mistari sita, kuomba nakala kamili ya ripoti yenye rangi, nakala ya kanuni za chuo zinazohusu kosa lenyewe, na kujua kama naruhusiwa kuingia na mtu. Usione haya kuomba. Kusikilizwa kwa haki si hisani ya mkuu wa idara, imo kwenye Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), na huwezi kujitetea juu ya kurasa usizozijua.

Ripoti ilipokuja ndipo hofu ilipopata umbo. Maana asilimia ile, somo, haisemi umeiba asilimia 31. Inasema maneno kiasi hicho yamefanana na maneno yaliyomo kwenye hazina yao, basi. Aliyekuandikia barua anapaswa kusoma kilichofanana ni nini, na wewe pia. Nilikaa na kalamu tatu za rangi. Asilimia 9 ilikuwa orodha ya marejeo, kwa kuwa aliyepakia hakuchagua kuiondoa. Asilimia 6 ilikuwa ukurasa wa jalada, tamko la mwanafunzi na dodoso ambalo wengi wamelitumia kabla yangu. Asilimia 5 ilikuwa nukuu zilizo ndani ya alama zake na chanzo kimetajwa. Zikabaki 11.

Hizo 11 ndizo zilizoninyima raha, na ndizo nataka uzitazame kwenye yako bila kujionea huruma. Kwangu ilikuwa aya mbili na nusu za mapitio ya maandiko. Nilikuwa nimezinakili kwenye daftari langu la kusomea neno kwa neno, bila alama za nukuu, na miezi minane baadaye nikadhani ni maneno yangu. Sikukusudia, lakini yalikuwa maneno ya mtu mwingine na jina lake halikuwapo. Siku nilipolikubali hilo, nikaliandika kwa sentensi mbili zilizo wazi, ndiyo siku ya kwanza niliyolala saa tano mfululizo. Nilikuwa nahangaika kubeba uongo wa kwamba sina kosa lolote, na mwili ulikuwa unakataa. Wewe ukikuta huna cha kukiri, vizuri, lakini lijue hilo kwa kuangalia ukurasa kwa ukurasa.

Chunguza pia kama kazi yako ilishawahi kupakiwa kama rasimu. Kuna mwenzetu alishtuka kuona asilimia 90 na ushei, kumbe imefanana na rasimu yake mwenyewe iliyohifadhiwa miezi mitatu nyuma. Kwenye ripoti inaonekana kama kazi ya mwanafunzi, na jina la chuo chenu.

Ushahidi wako uko kwenye rasimu. Kama uliandikia Google Docs, fungua faili, nenda `File`, kisha `Version history`, kisha `See version history`, utaona tarehe kwa tarehe jinsi sura ilivyokua. Kama uliandikia Word kwenye kompyuta tu, tafuta rasimu ulizomtumia msimamizi kwa barua pepe, kwa sababu tarehe ya kutumwa haibadiliki. Faili za zamani usizifungue ukazihifadhi upya, zinapata tarehe ya leo na zinaanza kukuharibia. Nakili zote kwenye flashi kwanza, fanyia kazi nakala. Daftari zako za mkono pia, hata zile zenye madoa ya chai.

Sasa kazi hii yote iwekee saa zake. Mimi nilijipa saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili, mezani, si kitandani. Ikifika adhana ya magharibi narudisha karatasi zote kwenye bahasha, naifunga na kuiweka juu ya kabati. Wazo likinijia saa nyingine naliandika neno moja kwenye karatasi, "dodoso" au "yule mwalimu", nikaliambia subiri kesho saa kumi. Siku nne za mwanzo halikusubiri. Kuanzia ya tano lilianza kutii, na mengine nilipoyakuta kesho yake mezani yalikuwa yameshapoa.

Kabla ya kulala andika mambo ya kufanya kesho, dakika tano tu, na uyataje kwa undani: "kumpigia mtu wa maktaba, kuchapisha ukurasa wa 34 hadi 41." Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walijaribu hili kwa vijana 57 na kuchapisha matokeo mwaka 2018, na walioandika ya kesho walishikwa na usingizi kama dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Ni kitu kidogo, najua. Lakini wewe unajua dakika tisa ni ndefu kiasi gani ukiwa umelala unatazama neti.

Ukiamka saa tisa na ikafika kama dakika 20 hujasinzia, usibaki kitandani ukipambana. Toka. Kitanda kikishazoea kuwa mahali pa kuhojiwa na kamati, kitakuhoji kila usiku. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, taa hafifu, nachambua mchele. Mama mkwe alidhani nimekuwa mchapakazi ghafla. Kope zikilegea, rudi. Zisipolegea, chambua na choroko. Na hata ukilala saa mbili tu, amka saa ile ile uliyojipangia, kwangu ilikuwa kumi na mbili asubuhi. Ukilala mpaka saa nne kufidia, usiku unaofuata umeshauharibu. Mchana nusu saa inatosha, na kabla ya saa tisa.

Kahawa uache baada ya saa sita mchana. Nusu ya nguvu yake bado iko mwilini saa tano baadaye, na kwa wengine zaidi. Chai nzito ya rangi nayo usiidharau. Na tafadhali, somo, achana na piritoni. Najua umeshanunua, sote tunanunua. Inakulaza, lakini kesho yake kichwa kinakuwa kama kimejazwa pamba, na wewe unahitaji kusoma ripoti. Valiamu za kuuziwa dirishani bila cheti ndiyo usiziguse kabisa, kuziacha ni kazi kuliko kuzianza.

Kuhusu watu: tafuta wawili, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza awe anayejua taratibu. Anzia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na serikali ya wanafunzi pia, wao wameshawasindikiza wengi na wanajua mwenyekiti huwa anauliza nini. Wa pili awe wa kukaa naye tu, asiyejua Turnitin ni mdudu gani. Kwangu alikuwa dada wa jirani anayekaanga mihogo. Nilimwambia, "Nina shauri chuoni, naogopa," akanipa kiti na mihogo, hakuuliza zaidi. Kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa usiseme kitu, hata kwa mafumbo. Msimamizi wako mwombe tarehe za rasimu alizopokea, kwa maandishi, usimwombe akuonee huruma, huenda akaitwa kuwa shahidi. Aliyekushtaki usimtafute kabisa.

Mama yako mwambie, lakini baada ya kupata ripoti, ili uwe na la kumweleza. Mimi wangu sikumwambia na bado najuta.

Kuna jambo moja nitakuuliza waziwazi, na unijibu waziwazi. Ukianza kukaa siku nyingi hupiti saa tatu za usingizi, chakula hakishuki, au ukiwaza kwamba heri usingekuwapo, usisubiri kikao. Siku hiyo hiyo nipigie, kisha nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili na wanapokea watu wa kawaida kama sisi. Kuna usiku mmoja mimi nilifika hapo kwenye wazo, nikaona aibu kusema. Wewe usione.

Utaniuliza yangu iliishaje. Kamati ilinisikiliza dakika 40, wakapokea maelezo ya zile asilimia 20, na kwa zile 11 wakanipa onyo la maandishi na kuniamuru niandike upya sura ya pili. Nikachelewa mahafali moja. Yako inaweza kwenda vingine, kanuni za vyuo hazifanani, ndiyo maana nimesema uombe za kwenu.

Nimeshaongea na mwalimu mkuu, nimepata ruhusa ya siku mbili. Nitashuka Mbezi na basi la asubuhi siku moja kabla ya kikao, nilale kwako. Usipike, nitakuja na samaki wa kukaanga. Bahasha iwe imefungwa nikifika, tusiiguse usiku huo. Gauni la kitenge lile la bluu liwe limeshapigwa pasi. Na kesho, kabla ya saa sita, nitumie picha ya barua yao, ukurasa wenye tarehe, niione kwa macho yangu.

Somo yako