Gari likishaondoka: boksi gani lifunguliwe kwanza?

Mizigo ikishateremshwa, wengi huanzia jikoni kwa sababu vyombo ndivyo vingi. Jioni vikombe vimeshapangwa, lakini kitanda bado kiko vipande na hakuna anayejua chandarua kimo boksi lipi.

Chukua familia ya watu wanne inayohama Jumamosi kutoka Sinza kwenda Goba, nyumba ya vyumba viwili, maboksi 40. Gari linafika saa 8 mchana. Dar jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kwa hiyo mwanga uliobaki ni wa saa nne tu. Saa hizo ni za vitanda na vyandarua. Maboksi 34 yabaki yamefungwa kwenye chumba kimoja, na yafunguliwe sita tu: mashuka na vyandarua, nguo za siku mbili, vitu vya bafuni, sufuria mbili na sahani nne, vifaa vya fundi, na dawa pamoja na nyaraka.

Kitanda kina utaratibu wake. Simamisha kichwa na mguu, unganisha mbavu zote mbili, kisha tia nati kwa mkono bila kukaza. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, matundu ya upande wa pili hayakutani, mtu analazimisha kwa nyundo na mbao inapasuka kwenye tundu la bolti. Kitanda kikishasimama sawa, kaza kona zote kwa spana, halafu panga chaga. Ndiyo maana bolti za kila kitanda zinapaswa kusafiri kwenye kikopo chake chenye mfuniko, kimeandikwa jina la chumba.

Umeme wa LUKU hauhami na wewe. Uniti zilizobaki zinabaki kwenye mita ya zamani, na tokeni iliyonunuliwa kwa namba ya mita hiyo haiingii kwenye mita mpya. Chukua namba ya mita mpya kabla ya siku ya kuhama.

Friji isubiri. Ikiwa ilisafiri imesimama, iache saa tatu au nne kabla ya kuiwasha. Ikiwa ililazwa, iache imesimama saa 24, kwa sababu mafuta ya kompresa huwa yameingia kwenye mabomba ya gesi na yanahitaji muda wa kurudi. Ukiwasha mapema, kompresa inafanya kazi bila mafuta ya kutosha: inanguruma, inajizima, inajaribu tena, na friji haipoi. Kwa hiyo samaki wa kujaza friza wasinunuliwe kabla ya Jumatatu.

Jumapili ni ya jikoni. Fungua maboksi hayo barazani, si ndani. Mende hujificha kwenye mikunjo ya boksi, na ndimo wanamobebewa mayai yao kutoka nyumba ya zamani. Kung'uta kila chombo, kisha kiingize. Jiko la gesi likishaunganishwa, pakaa povu la sabuni kwenye regyuleta na ncha zote mbili za mpira. Povu likitoa mapovu mapya yanayokua, gesi inavuja. Funga mtungi na usiwashe chochote mpaka pafungwe vizuri.

Kabati la nguo ndilo tunaloomba lisiharakishwe. Hewa ya Dar ina unyevu, na kabati lililobandikwa kwenye ukuta wa nje, hasa wakati wa masika, huota ukungu mgongoni bila mtu kuona. Nguo ndizo zinazonuka kwanza. Jumapili hiyo hiyo bandika kipande cha foili cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, chini chini, selotepu pande zote nne. Kibandue Jumanne. Matone yakiwa upande uliogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani, na kabati lihamie ukuta wa ndani. Yakiwa upande wa chumbani tu, tatizo ni hewa ya chumba: acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma ya kabati na fungua madirisha mchana. Kwa vyovyote vile, kabati la mbao za vumbi liinuliwe juu ya vipande vya vigae, kwa maana maji ya kudeki huvimbisha ubao wa chini na mlango unaanza kukwama.

Nguo zipangwe baada ya jibu hilo, Jumatano. Sebule na pazia vifuate Alhamisi. Vitabu na mapambo vinaweza kungoja Ijumaa, ila maboksi matupu yatoke nje kila jioni.

Jumamosi inayofuata rudi kwenye vitanda na spana. Mbao imeshakaa kwa uzito wa watu, na nati nyingi zitakubali kuzunguka tena kidogo. Kile kitanda kilichokuwa kinalia usiku kitanyamaza.