Malori yameuzwa, lakini bado yanalala uwanja uleule

Miezi ya kufunga hesabu ikikaribia, kuna swali linalorudi ofisini kwetu hapa Lubumbashi: "Niko na kampuni mbili. Moja inapata faida, ingine ilikufa na hasara. Siwezi kuuzia hii vitu vya ile, kodi ikapungua?" Anayeuliza huwa ameshaandikiwa kontra na mtu fulani, yenye muhuri na saini, na anachotaka kwetu ni kuiingiza tu kwenye vitabu. Kabla hatujaiingiza, huwa tunamwomba aketi tuzungumze. Mazungumzo yenyewe ndiyo haya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia moja ina kampuni mbili. Ya kwanza tuiite Safiri: ina malori sita yanayobeba saruji na unga kati ya Kasumbalesa na mjini. Ya pili tuiite Kimya: zamani iliuza vipuri, duka likafungwa, na sasa imebaki na jina, muhuri na hasara ya zamani ya dola 150,000 kwenye bilan yake. Safiri mwaka huu itapata faida ya dola 200,000, baada ya kutoa uchakavu wa malori wa dola 30,000. Kwa kodi ya faida ya asilimia 30, italipa dola 60,000. Ili hesabu isituchoshe, tunaweka kando TVA, kodi ya kiwango cha chini na vikomo vya kufuta hasara. Kwenye faili halisi vyote vinahesabiwa.

Mpango unakuja hivi. Tarehe 2 Januari Safiri inaiuzia Kimya malori yote sita kwa dola 120,000, ambayo ndiyo thamani yake iliyobaki kwenye vitabu, kwa hiyo mauzo hayaleti faida ya kutozwa. Kimya haina hela, basi bei inabaki deni. Siku hiyohiyo Safiri inayakodi malori hayohayo kwa dola 15,000 kwa mwezi. Kontra ina kifungu kimoja kidogo karibu na saini: baada ya miaka mitatu, Safiri itaweza kuyanunua tena kwa dola moja kila lori.

Angalia kinachotokea kwenye vitabu. Safiri haina tena uchakavu wa kutoa, kwa hiyo faida yake kabla ya kutoa ukodishaji wa malori ni dola 230,000. Inatoa dola 180,000 za ukodishaji, zinabaki 50,000, kodi ni dola 15,000. Kimya inapokea dola 180,000, inatoa uchakavu wa 30,000, inabaki na 150,000, na hizo zinamezwa zote na hasara yake ya zamani. Kimya hailipi kitu. Familia imepunguza dola 45,000, na hakuna hata karatasi moja ya uongo. Kontra ipo, faktire zipo, saini ni za watu wenyewe.

Sasa tufungue taarifa ya benki. Kila tarehe 5 ya mwezi, dola 15,000 zinatoka Safiri asubuhi kwenda Kimya. Kabla ya saa sita mchana, dola 15,000 zinarudi Safiri, zimeandikwa "mkopo". Hakuna tarehe ya kulipa, hakuna riba, hakuna barua ya kuuomba. Mwaka ukiisha, bei ya malori haijalipwa na fedha yote ya ukodishaji imerudi ilikotoka. Kimya imeishi mwaka mzima na akaunti isiyolaza hata dola mia.

Ukitoka benki ukaenda uwanjani, hali ni ileile. Mashoferi ni walewale, wanalipwa na Safiri. Tairi zinanunuliwa na Safiri, bima iko kwa jina la Safiri, karte roze hazijabadilishwa. Lori moja likipinduka njia ya Likasi, nani analia? Safiri. Mwenye hasara ya kitu ndiye mwenye kitu, hata kama kontra inasema vingine. Mimi nikipewa swali moja tu la kuuliza juu ya mauzo ya aina hii, ningeuliza hilo la lori lililopinduka.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kutazama ukweli wa jambo kuliko sura yake. Jina mlilolipatia tendo halimfungi mwenye kutoza kodi. Mkiandika "mauzo" na muuzaji akabaki na matumizi, hatari, gharama na haki ya kulirudisha kwa dola moja, hayo hayakuwa mauzo. Na pasipo mauzo hakuna ukodishaji, kwa sababu mtu hawezi kukodi kitu chake mwenyewe.

Mfano maarufu wa wazo hili ulitokea Marekani. Mwaka 1928 mwanamke aitwaye Evelyn Gregory alikuwa na kampuni iliyoshika hisa 1,000 za kampuni nyingine. Alitaka hisa zile zimfikie mkononi aziuze, bila kutozwa kodi ya gawio. Tarehe 18 Septemba akaanzisha kampuni mpya, siku tatu baadaye hisa zikahamishiwa humo, na tarehe 24 Septemba kampuni ikavunjwa, hisa zikamfikia. Sheria ya kupanga upya makampuni ilifuatwa neno kwa neno. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikamkatalia. Majaji walikubali kwamba mtu ana haki ya kupunguza kodi yake kwa njia ambazo sheria inaruhusu. Lakini walisema kilichofanyika hakikuwa kile ambacho sheria ilikusudia: kampuni ya siku sita, isiyofanya kazi yoyote, ilikuwa vazi tu la kufunika uhamishaji.

Mwaka huohuo wa 1935, majaji wa Uingereza walitoa jibu la kinyume. Bwana mkubwa mmoja, Duke wa Westminster, alikuwa akimlipa mtunza bustani wake kwa hati ya ahadi ya malipo ya kila mwaka badala ya mshahara, kwa sababu mshahara wa mtunza bustani haukutolewa kwenye kodi na malipo ya hati yalitolewa. Wakasema hati ni hati. Kwa hiyo ukisikia mtu akikuambia "nina haki ya kupanga mambo yangu kodi ipungue", mara nyingi ametoka kwenye kesi hii, na mara nyingi hakukuambia kwamba Waingereza wenyewe waliipunguza nguvu kuanzia mwaka 1981, walipoanza kutazama mlolongo mzima wa hatua kama kitu kimoja.

Kuwaachia majaji peke yao kuna udhaifu. Tuseme mshauri wa familia yetu ni mjanja zaidi. Anabadilisha karte roze, anahamisha bima, anafuta kifungu cha dola moja, Kimya inaanza kulipa bei kidogo kidogo. Sasa mauzo yanafanana na mauzo, na hoja ya lori lililopinduka imepoteza makali. Kwa ajili ya hali kama hiyo nchi nyingi ziliandika kanuni ya jumla ya kuzuia uepaji wa kodi: Kanada mwaka 1988, Uingereza mwaka 2013. Inaitwa ya jumla kwa sababu haitaji malori, hisa wala mikopo. Inashika mpango wowote ambao umepita katikati ya vifungu maalumu.

Maneno hutofautiana, lakini Kanada wanaipitia kwa maswali matatu, na yanafaa kufuatwa kwa utaratibu huo. La kwanza, je, kuna faida ya kikodi? Kwetu ndiyo, dola 45,000. La pili, je, kupata hiyo faida kulikuwa mojawapo ya malengo makuu ya mpango? Hapa unalinganisha na kile ambacho familia ingefanya kama kodi isingekuwepo. Hakuna ambaye angeuzia malori kampuni isiyo na hela wala fundi. La tatu ndilo gumu: je, mpango unakwenda kinyume na lengo la sheria iliyotumika? Kufuta hasara ya zamani kumewekwa ili biashara iliyoanguka mwaka mmoja isilipe kodi kana kwamba haikuanguka. Hasara ya duka la vipuri haikuwekwa ili iuzwe kwa faida ya malori.

Swali hilo la tatu pia ndilo linalomlinda mlipakodi. Uingereza sheria yenyewe inaruhusu kampuni za kundi moja kupeana hasara, kwa masharti yake. Anayepita mlango ambao mtunga sheria ameufungua hajaepa kitu, hata akiokoa fedha nyingi. Vilevile kuchagua kukodi badala ya kununua, au kukopa badala ya kuongeza mtaji, ni uchaguzi wa kawaida. Wakaguzi wengine hulisahau hilo wakishaona kodi imepungua.

Kanuni ikishika, matokeo yake ni kuuweka mpango kando. Safiri inarudishiwa uchakavu wake, inanyimwa gharama ya ukodishaji, faida inarudi 200,000 na inadaiwa dola 45,000 zilizobaki. Lakini upande wa pili lazima nao urekebishwe: kama ukodishaji haukuwepo, Kimya haikupata mapato, na hasara yake ya dola 150,000 inarudi nzima. Watu wakishtuka na deni husahau kudai hilo, na wanatozwa mara mbili bila kujua. Juu ya kodi huja adhabu. Ufaransa, ambako matumizi mabaya ya haki yamo kwenye kifungu L64 cha kitabu cha taratibu za kodi, adhabu ni asilimia 80, na hushuka hadi 40 isipothibitishwa kwamba mlipakodi ndiye aliyeanzisha mpango au kunufaika nao zaidi ya wengine.

Hapa kwetu mkaguzi si lazima aanzie kwenye neno kubwa. Anaweza kukataa tu faktire za ukodishaji kwa hoja kwamba gharama hiyo haikuleta wala kulinda mapato ya Safiri, kisha akuachie wewe kuonyesha kinyume, kwa taratibu za sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003. Kontra nzuri haitakusaidia sana hapo kama taarifa ya benki inasema jingine.

Je, familia ingeweza kuokoa chochote kihalali? Ndiyo, kama Kimya ingefufuka kweli: iajiri mashoferi, inunue mafuta, itafute wateja wengine nje ya familia, itoze bei ambayo mtu baki angekubali, na fedha ikae kwake ilipe madeni yake. Hapo inafanya biashara yake, na hasara yake inakutana na faida iliyoitafuta yenyewe. Itagharimu zaidi ya karatasi mbili na muhuri, na wengine wakipiga hesabu ya gharama hizo huona heri walipe tu kodi.

Ukiwa na kontra ya namna hii, njoo nayo ofisini kabla haijasainiwa. Tuletee pia taarifa ya benki ya miezi mitatu ya kila kampuni, nakala za karte roze na bima, na orodha ya wanaolipwa mshahara na nani. Kontra tutaisoma mwisho.