Umelipa miaka mitano, mbona deni la nyumba halishuki?

Wateja wengi hufika ofisini kwetu na taarifa ya benki mkononi wakiwa na swali hilohilo: wamelipa kila mwezi bila kuchelewa, lakini salio limepungua kidogo mno. Mara nyingi benki haijakosea hesabu. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa mtindo unaoitwa amotaizesheni: rejesho la mwezi ni lilelile mwanzo hadi mwisho, ila ndani yake kuna mafungu mawili, riba na deni la msingi, na mafungu hayo hubadilika uzito kila mwezi.

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Rejesho ni shilingi 839,752 kwa mwezi. Riba ya mwezi ni asilimia 1.25 ya salio lililopo, kwa hiyo mwezi wa kwanza ni 750,000. Kinachobaki, 89,752, ndicho kinachopunguza deni. Mwezi wa pili riba inahesabiwa juu ya 59,910,248, inakuwa 748,878, na deni linapunguzwa kwa 90,874. Tofauti ni kama shilingi elfu moja na mia moja tu.

Kwa hiyo si kweli kwamba benki "inachota riba yake yote kwanza". Inakutoza riba ya pesa unazodaiwa mwezi huo, na mwanzoni unadaiwa karibu zote. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya milioni 50, na deni litakuwa limeshuka kwa takribani milioni 8 tu. Bado unadaiwa milioni 52. Fungu la deni la msingi linazidi la riba mwezi wa 126, yaani mwaka wa kumi na moja. Anayetarajia kuuza nyumba mapema alijue hili kabla ya kupanga bei.

Namba za kwenye taarifa yako zinaweza kuyumba kidogo, kwani benki nyingi huhesabu riba kwa siku. Kwa mfano wetu, mwezi wa siku 31 riba ya kwanza ingekuwa 764,384, na wa siku 28 ingekuwa 690,411. Hilo ni la kawaida.

Sasa, kwa kuwa riba inafuata salio, pesa ya ziada inayolipwa mapema ina nguvu kubwa. Tuseme mwaka wa kwanza umeisha, salio ni 58,845,757, na umepata milioni 3 za ziada. Hapa ndipo watu wengi hupoteza, maana benki inaweza kuzipokea kwa njia tatu.

Ikizipeleka kwenye deni la msingi na kuacha rejesho lilelile, mkopo unaisha takribani miezi 25 kabla ya wakati, na unaokoa riba ya zaidi ya milioni 17. Ikipunguza rejesho na kuacha muda uleule, utalipa kama 796,941 kwa mwezi. Unapumua kidogo, lakini riba unayookoa ni kama milioni 4 tu. Ikizihesabu kuwa ni malipo ya awali ya miezi ijayo, pesa zinakaa kwenye akaunti zikisubiri kukatwa, na riba haipungui hata senti. Hii ya tatu hutokea sana kwa anayeweka tu pesa kwenye akaunti bila maelezo.

Kama mshahara hautoshi, njia ya pili si dhambi. Vinginevyo sisi tunashauri ya kwanza, na iwe kwa barua. Andika namba ya mkopo, kiasi, na sentensi hii: "Kiasi hiki kipunguze deni la msingi, rejesho la mwezi libaki vilevile na muda wa mkopo ufupishwe." Bakisha nakala yenye mhuri, na uombe ratiba mpya ya marejesho. Kabla ya hapo soma kwenye mkataba kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda. Ikiwa ni asilimia 2, kwa milioni 3 ni shilingi 60,000, gharama ndogo ukiilinganisha na riba inayookolewa.

Mwezi unaofuata angalia mstari wa riba kwenye taarifa. Kwa mfano wetu ilipaswa kuwa 735,572. Baada ya malipo ya ziada inatakiwa iwe 698,072, yaani imeshuka kwa 37,500. Ukikuta haijashuka, pesa zako hazijagusa deni. Rudi benki na nakala ya barua mwezi huohuo, na uombe marekebisho yahesabiwe tangu tarehe uliyolipa.