Mdogo wangu, pumzi ya kichanga ina mwendo wake

Mdogo wangu mpendwa,

Mtoto ametimiza wiki tatu, na ujumbe wako wa saa tisa usiku bado ni uleule: "Ameacha kuhema kidogo, halafu akaanza tena. Ni kawaida?" Nakujibu kwa kirefu, na hadharani, maana wazazi wengi wamekaa macho usiku huu wakijiuliza swali lako.

Unachokiona ni kawaida. Kichanga hahemi kwa mwendo mmoja kama mtu mzima. Anahema harakaharaka, pumzi zinapungua, anatulia kabisa kwa sekunde tano, hata kumi, kisha anaanza tena kwa kasi. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi bado ni changa. Akihema haraka, hewa chafu ya kaboni dayoksaidi inapungua mwilini, na ubongo unaona hakuna haja ya kuvuta pumzi nyingine. Anatulia. Hewa hiyo ikijaa tena, ubongo unashtuka na kumwamrisha aheme. Watoto njiti hufanya hivyo zaidi, na kwa wengi hali hiyo inakuwa imekwisha wanapofika miezi sita.

Usingizi wake nao una sura mbili, na zote mbili zinakutisha. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni ule mwepesi: macho yanachezacheza chini ya kope, anakunja uso, anaguna, anajinyoosha, na pumzi haina mpangilio. Hapo unadhani anateseka. Kisha anazama kwenye usingizi mzito, pumzi zinakuwa ndogo na za utulivu, na kwenye giza huoni chochote kikitikisika. Hapo unadhani amekufa. Ukitaka kuona, tazama tumbo badala ya kifua, kwa sababu watoto wa umri huu huhemea tumbo.

Ukihisi lazima uhesabu, hesabu dakika nzima akiwa ametulia au amelala. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Chukua mtoto aliyehema hivi: robo ya kwanza mara 14, ya pili mara 5 kwa sababu alitulia kidogo, ya tatu mara 16, ya nne mara 9. Jumla ni 44, mtoto mzima kabisa, maana kawaida yake ni kati ya 30 na 60 kwa dakika. Lakini aliyehesabu robo ya pili tu atapata 20, na aliyehesabu ya tatu atapata 64. Wote wawili watakimbilia hospitali kwa mtoto yuleyule mmoja. Ukipata 60 au zaidi katika dakika nzima, subiri kidogo uhesabu dakika nyingine. Ikirudi 60 au zaidi, mpeleke.

Sasa yale ambayo hayasubiri asubuhi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi. Au ikikatika muda mfupi kuliko huo lakini akalegea au akabadilika rangi. Rangi itazame kwenye ulimi na ufizi. Mikono na miguu ya kichanga inaweza kuwa ya bluu kidogo siku za mwanzo bila shida, lakini ulimi wa bluu au wa kijivu ni hatari. Kifua cha chini kikibonyea ndani sana kila anapovuta pumzi, mianzi ya pua ikitanuka, akiguna kila anapotoa pumzi (si ile miguno ya hapa na pale usingizini), akikataa kunyonya, akipata degede, au kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, nenda hospitali saa hiyohiyo. Pumzi ikikatika ukiwa naye, msugue mgongo au nyayo huku ukiita msaada. Siku ya kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo namna ya kumpa kichanga pumzi. Mambo haya hushikwa kwa mikono kuliko kwa kusoma.

Nije kwenye kuchungulia kwenyewe. Umesema unaamka kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni mara 48. Kila mara unatazama sekunde chache tu, na kwa namna mtoto anavyohema, ni lazima mara kadhaa uangukie kwenye kile kituo cha katikati. Huoni mwendo, unamgusa, anashtuka, analia, moyo wako unatulia. Ubongo wako umejifunza kwamba kumgusa ndiko kulikomwokoa, kwa hiyo baada ya dakika kumi unakuamsha tena. Nawe umemkatiza usingizi mtoto ambaye hakuwa na tatizo.

Kinachomlinda hukifanya mara moja tu, wakati wa kumlaza. Alazwe chali kila mara, usiku na mchana, si kifudifudi wala ubavu, juu ya godoro gumu lililo tambarare, kwenye kitanda chake, chumbani mwenu. Pasiwe na mto, blanketi zito wala wanasesere, na asiwekwe karibu na moshi wa sigara. Marekani walipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Vile vifaa vya kumfunga mtoto mguuni vipime oksijeni na mapigo ya moyo havijathibitishwa kuzuia vifo hivyo, na king'ora cha uongo kitakuongezea hofu. Usinunue.

Kuhusu kulala, gawaneni usiku na baba mtoto. Mnyonyeshe saa tatu, kisha nenda ukalale chumba kingine, mlango umefungwa, hadi saa nane. Yeye abaki na mtoto. Mtoto akitaka kunyonya, amlete kwako, amchukue akimaliza, amcheulishe, ambadilishe nepi na kumlaza mwenyewe. Usimsaidie. Saa nane mnabadilishana hadi saa moja asubuhi. Ukihisi usingizi ukiwa zamu, mrudishe mtoto kitandani kwake. Kusinzia naye kwenye sofa ni hatari kuliko chochote unachokiogopa sasa.

Ukiwa zamu, mwangalie unapomlaza na kila anapoamka kunyonya. Katikati ya hapo, hamu ya kuchungulia ikija, tazama saa na usubiri dakika tano. Siku mbili tatu baadaye subiri kumi, kisha ishirini. Ukienda, tazama kwa macho tu, mikono nyuma. Hofu itapanda sana mwanzoni, halafu itashuka yenyewe hata kama hujaenda, na hapo ndipo ubongo unapofundishwa upya.

Lakini kama mtoto yuko mikononi mwa mwingine, mlango umefungwa, na bado hupati usingizi usiku baada ya usiku, au kama moyo unakudunda, au picha za mtoto akifa zinakujia bila kuzitaka, hiyo huenda ni hofu ya baada ya kujifungua, na ina tiba, hata kwa anayenyonyesha. Usingoje kliniki ya wiki sita. Mwambie mkunga hivi hivi: "Silali hata mtoto akilala, na namkagua mara 48 kwa usiku." Idadi hiyo itamweleza mengi kuliko kusema umechoka. Yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwamshe baba mtoto wakati huohuo, mwende hospitali usiku uleule.

Dada yako